Jina la Mpambaji Kwenye Kona ya Kadi

Kadi ya harusi ya Kitanzania huwa na watu wengi. Juu kabisa wanatangulia wazazi, familia ya Bwana na Bibi fulani wa mahali fulani, wanayo furaha kukualika. Hufuata mstari wa nukta ambapo jina la mgeni litaandikwa kwa kalamu. Kisha majina ya maharusi kwa herufi kubwa za madoido, halafu tarehe, kanisa au msikiti, ukumbi, saa ya kuanza, namba za simu za wanakamati, na alama ya kuonyesha kama kadi ni ya mtu mmoja au wawili. Baada ya hao wote kupata nafasi zao, ndipo chini kabisa au mgongoni mwa kadi huonekana jina jingine, kwa herufi ndogo kuliko zote: jina la kampuni iliyoratibu na kupamba.

Jina hilo huwekwa hapo kwa sababu kampuni nyingi za mapambo siku hizi hazishii kwenye vitambaa, taa na maua. Husimamia kadi pia, hutafuta mchapaji, huoanisha rangi ya bahasha na rangi ya ukumbi, na kwa kazi hiyo hujipatia kona ndogo ya kujitangaza. Kadi mia tatu zikisambazwa, jina limeingia nyumba mia tatu bila kulipia tangazo. Lakini kona ni ndogo, na wengi wanaofungua kampuni za namna hii huchagua jina wakiwa wameliona likiwa kubwa kwenye kioo cha kompyuta. Mambo hubadilika likishachapwa kwa kimo cha milimita mbili na nusu.

Jina la kampuni ya harusi hupita kwenye mitihani miwili isiyofanana. Wa kwanza ni wa jicho: lisomeke na kupendeza kwenye karatasi, likiwa dogo, pembeni ya majina ya maharusi ambayo ndiyo yenye haki ya kung'ara. Wa pili ni wa sikio: mtu alisikie mara moja, ukumbini muziki ukilia, na kesho yake aweze kuliandika kwenye simu bila kukosea. Majina mengi hufaulu mmoja na kufeli mwingine.

Tuanze na jicho. Wachapaji hupima herufi kwa pointi, na pointi moja ni karibu theluthi moja ya milimita. Jina la kampuni kwenye kadi mara nyingi hupewa pointi 7 au 8. Pointi 7 ni kama milimita mbili na nusu, lakini kipimo hicho hujumuisha kila kitu, kuanzia kichwa cha herufi ndefu kama l na h hadi mkia wa g na y. Herufi za kawaida kama a, e na n hubaki na karibu nusu yake. Kwenye fonti za mwandiko wa mkono, zile zinazopendwa sana katika kadi za harusi kama Great Vibes, vichwa na mikia hurefushwa kwa madaha na herufi za katikati hubanwa zaidi, kiasi kwamba a na e huweza kushuka chini ya milimita moja. Hapo tundu la e huzibwa na wino. Kama kadi inapigwa foili ya dhahabu, hali huwa ngumu zaidi, kwa sababu foili hubandikwa kwa joto na mgandamizo, na mistari myembamba sana ama hukatika ama huvimba na kuungana na jirani yake, hasa karatasi ikiwa na mikwaruzo ya urembo.

Kwa hiyo jina linalotaka kuonekana la kifahari kwenye kadi halihitaji fonti ya madaha peke yake. Linahitaji herufi zinazoikubali fonti hiyo. Herufi kubwa ya kwanza ndiyo yenye kazi nzito, na si zote zinaiweza. Katika fonti nyingi za mwandiko, I kubwa hufanana na J, na wakati mwingine na S. F hufanana na T. L yenye kitanzi hufanana na S, na Q hufanana na tarakimu 2. Jina kama Imani, ambalo ni zuri na lina maana inayofaa ndoa, linaweza kusomwa Jmani au Smani na mgeni asiyelijua. Hata likivuka hapo, herufi zinazofuata zinaleta shida nyingine: m, n na i zikiandikwa kwa kuunganishwa huwa ni vijiti tu vilivyosimama mfululizo, na jicho hulazimika kuvihesabu. Kitone cha i ndicho hutoa msaada, na kwenye pointi 7 kitone hicho ni cha kwanza kupotea.

Majina yanayopendeza kwa mwandiko huwa na mchanganyiko: herufi moja au mbili zinazopanda kama d, l, k au b, zimezungukwa na za duara kama a, o na u. Kiswahili hapa kina bahati. Maneno yake mengi huenda konsonanti na irabu kwa kupokezana, na karibu yote huishia na irabu, ambayo kwenye mwandiko huacha mkia ulio wazi unaoweza kurefushwa kidogo kwa urembo. Waridi, kwa mfano, huanza na W pana, huinuka kwenye d na kuishia kwa i. Mbunifu wa kadi halazimiki kulihangaikia.

Njia nyingine ya kupata umaridadi ni kuacha mwandiko kabisa na kutumia herufi kubwa zenye vikono, za mtindo wa Garamond au Playfair Display, zikiachiwa nafasi katikati. Neno fupi lenye herufi tano hadi saba likiachanishwa hivyo hupata heshima ya peke yake, na husomeka hata likiwa dogo sana. Faida nyingine ni kwamba halishindani na majina ya maharusi, ambayo kwa kawaida ndiyo yaliyokwisha kupewa mwandiko wa madaha. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kampuni kuchukua fonti ileile ya maharusi kwa nembo yake. Kosa hilo huwa baya zaidi kama jina la kampuni lenyewe ni majina mawili ya watu yenye alama ya & katikati. Alama hiyo kwenye kadi ya harusi ina kazi moja tu katika macho ya mgeni, nayo ni kuunganisha bwana na bibi harusi. Mgeni akigeuza kadi na kukuta Bahati & Neema kwa mwandiko uleule, hudhani ni wasimamizi wa maharusi, au kwamba kuna ndoa ya pili siku hiyohiyo.

Urefu nao una hesabu yake. Kampuni nyingi huweka jina ndani ya duara, mithili ya muhuri, wa kubandikwa kwenye bahasha. Chukua muhuri wenye kipenyo cha sentimita tatu. Ukiacha ukingo wa pambo pande zote, mstari wa jina unabaki na kama milimita 22. Sasa linganisha majina mawili ya kubuni. La kwanza ni Exquisite Royale Events & Décor, lenye nafasi 31 za herufi, alama na mapengo. La pili ni Fanusi Mapambo, lenye nafasi 14. Kwa herufi za upana wa wastani, la kwanza likibaki mstari mmoja litaingia kwa pointi 4 hivi, ukubwa ambao ni wa kusomwa kwa miwani ya kukuzia. La pili litaingia kwa pointi 9, na bibi wa miaka sabini atalisoma. Jina la kwanza linaweza kukatwa mistari mitatu, bila shaka, lakini likishakatwa huwa si jina tena bali ni maelezo.

Mtihani wa sikio huanza pale ukumbini. Mgeni ameipenda jukwaa la maharusi, anamwinamia jirani yake: "Shoga, nani kapamba hapa?" Anajibiwa kwa sauti ya kushindana na spika. Anachokumbuka asubuhi ni sauti, si maandishi, na sauti hiyo ndiyo atakayoiandika kwenye sehemu ya kutafutia ya Instagram. Kila herufi inayoweza kuandikwa kwa namna mbili ni mlango wa kumpoteza mteja.

Milango hiyo kwa Kiswahili inajulikana. Mkubwa kuliko yote ni r na l, ambazo sehemu nyingi za bara hubadilishana katika matamshi. Mwingine ni h ya mwanzo, ambayo huja na kuondoka. Hata neno lenyewe la shughuli, kamusi huliandika harusi na arusi, na zote mbili ni sahihi. Zipo dh na z, ambapo Dhahabu huandikwa Zahabu na asiyetamka dh. Zipo th na s. Ipo kh, ambayo ndiyo inayofanya jina moja liandikwe Khadija na Hadija. Upo pia king'ong'o. Jina kama Ng'ara linavutia, linafaa kabisa kwa kampuni ya taa na mapambo, lakini lina ritifaa, na ritifaa haikubaliki katika jina la akaunti ya Instagram wala katika anwani ya tovuti ya co.tz. Instagram hukubali herufi, tarakimu, nukta na mstari wa chini tu, visizidi 30. Mwenye Ng'ara atalazimika kuandika ngara, na hapo amejikuta wilayani mkoa wa Kagera.

Majina ya Kiingereza yana milango yake, na ni mingi zaidi. Exquisite lina x, q na e ya mwisho isiyotamkwa. Mtu aliyelisikia ukumbini ana nafasi ndogo sana ya kulipata. Royale huandikwa Royal na wengi. Décor lina alama juu ya e ambayo ni nzuri kwenye karatasi na haina kazi kwenye simu. Halafu kuna jambo ambalo halionekani mpaka maneno yaunganishwe. Jina lote likibanwa kuwa akaunti huwa exquisiteroyaleeventsdecor. Tazama pale katikati, royale inapokutana na events: e mbili zinagongana, na jicho halijui neno moja linaishia wapi na lingine linaanzia wapi. Wenye majina ya hivyo huishia kuweka nukta au mistari ya chini, na kila alama moja inayoongezwa ni kitu kimoja zaidi cha kumweleza mteja kwa simu.

Kutumia jina lako mwenyewe hakuondoi tatizo. Zainab huandikwa Zainabu na Zeinab. Fatma ni Fatuma kwa wengine. Wapo wapambaji waliojijengea sifa kwa majina yao wenyewe, na wateja huyapenda kwa sababu wanajua wanayeshughulika naye, lakini aliye na jina la tahajia tatu hana budi kuchagua moja na kuishika kila mahali, kuanzia kadi hadi fulana za vijana wa kufunga vitambaa.

Pwani ya Afrika Mashariki ina mfano wa zamani wa jina dogo pembezoni mwa kitu kilichochapwa, nao ni wa kanga. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana pia kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake mwishoni mwa karne ya 19, na kanga zake zikawa na chapa ya K.H.E. pamoja na maneno Mali ya Abdulla. Chapa hiyo haikuwekwa katikati ya kitambaa, ambapo pana mji na jina la kanga lenyewe. Iliwekwa kwa herufi ndogo, pasipogombana na urembo. Hata hivyo wanunuzi waliijua na kuiulizia. Jina kamili la mwenye duka lina herufi ambazo Mswahili wa kawaida angezikosea. Mali ya Abdulla ni maneno matatu ambayo yeyote angeweza kuyasema dukani na muuzaji akaelewa. Mfano wa mbali zaidi ni wa George Eastman wa Marekani, aliyesajili jina Kodak mwaka 1888. Alilitunga mwenyewe, akitaka liwe fupi, lisiweze kutamkwa vibaya na lisifanane na jina la kitu kingine chochote.

Kutunga neno jipya kabisa kunawezekana hata kwa mpambaji wa Mwanza au Tanga, lakini harusi ni shughuli ya hisia, na watu wengi hupenda jina lenye harufu ya sherehe. Hapo ndipo inafaa kumfuata mpambaji mmoja wa kubuni, anayeanza kazi Moshi, akipitia majina yake moja moja.

Orodha yake ya kwanza ina maua, kama orodha za wengi. Asumini linaondoka mapema, kwa kuwa ua hilo lina majina mengi mno: wapo wanaoandika Asmini, wapo wa Yasmini, na waliosoma Kiingereza wataandika Jasmine. Anajaribu Shada. Ni fupi, linapendeza kwa mwandiko, halina r wala l. Lakini shada ni neno ambalo Mtanzania amelisikia zaidi makaburini, viongozi na ndugu wanapoitwa kuweka mashada ya maua. Hakuna bibi harusi atakayemweleza sababu ya kusita kwake. Atatafuta tu kampuni nyingine.

Anapanda kwenye maneno ya pwani. Kikuba, kile kifurushi cha asumini, waridi na rehani anachovaa bibi harusi, kinamvutia sana. Tahajia yake haina mtego. Tatizo ni kwamba Moshi si Lamu, na asiyekijua kikuba cha maua atadhani ni kitu cha kutoka nchi ya Kuba. Kilua, ua linalosifika kwa manukato, lina herufi tano na linaandikika vizuri ajabu: K ndefu, l katikati, a mwishoni. Analitaja kwa simu kwa watu wa nyumbani, nao wanamwandikia Kirua. Wana haki. Kirua Vunjo ni mahali palepale mkoani Kilimanjaro, na sikio la mtu huchukua neno lililo karibu. Kilua lingeweza kuwa jina bora Zanzibar au Mombasa. Kwa Moshi litakuwa la kusahihishwa kila siku.

Tausi linafaulu mitihani yote miwili, na hilo ndilo tatizo lake: wengine nao wameliona. Akitafuta Instagram anakuta akaunti nyingi zenye neno hilo, za saluni, za nguo, za vyakula. Hata akiongeza neno la pili, mteja anayetafuta Tausi peke yake atapotelea humo.

Linabaki Fanusi, ile taa ya kuning'inizwa. Lina herufi sita, konsonanti na irabu kwa kupokezana. Halina r, l, h wala herufi za kuungana. Kila sauti ina namna moja ya kuandikwa. Taa ni sehemu ya kazi yake, kwa hiyo hata picha ya nembo imekwisha kujichora. Anaongeza Mapambo badala ya Decor, kwa sababu neno hilo la Kiingereza huandikwa deko, dekor na decor, na kwa sababu fanusimapambo ni herufi 13 zisizogongana popote.

Anafanya jaribio la mwisho, ambalo halina gharama. Anawapigia watu kumi, si marafiki wa karibu waliokwisha liona, bali mchanganyiko: shangazi wa kijijini, mchapaji, mwanafunzi, dereva, mtu wa pwani, mtu wa Kanda ya Ziwa. Anawatajia jina mara moja, bila kuwatajia herufi, na kuwaomba walirudishe kwa ujumbe. Wanaokosea ndio wenye faida kwake, maana makosa yao yanaonyesha mahali jina lilipo dhaifu. Watu wawili wakikosea kwa namna moja, kosa ni la jina. Kwa Fanusi anaweza kupata Fanus, bila irabu ya mwisho, na hilo linavumilika kwa sababu anayeandika fanus kwenye sehemu ya kutafutia atalikaribia jina kamili kabla hajamaliza.

Halafu analipeleka kwa mchapaji, achape mara moja kwa pointi 7 kwenye karatasi ileile itakayotumika, na kwa foili kama foili itatumika. Hapa ndipo kasoro ya Fanusi inajitokeza: kwa mwandiko wa madaha, F yake inasomeka T, na mtu anapata Tanusi. Si sababu ya kulitupa jina. Ni sababu ya kuchagua herufi zenye vikono kwa kona ya kadi, na kuuacha mwandiko kwa bango la kukaribisha wageni mlangoni, ambapo herufi ina kimo cha kiganja na F inaweza kuchorwa upya mpaka ieleweke. Jambo jingine la kujaribu ni picha ya kadi iliyotumwa kwa WhatsApp na kusambazwa tena, kwa kuwa wageni wengi sasa huipata kadi hivyo, na kila picha inapobanwa, mistari myembamba ndiyo hufifia kwanza.

Kabla ya kuchapa chochote kwa wingi, jina lazima lipite serikalini. Tanzania Bara, majina ya biashara husajiliwa na BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, kwa njia ya mtandao. Mwombaji huanza kwa kutafuta kama jina limekwisha kuchukuliwa, na maombi huweza kukataliwa kwa jina linalofanana mno na lililopo. Ndiyo sababu inafaa kwenda na majina mawili au matatu yaliyokwisha kupita jaribio la simu, badala ya kukataliwa moja na kutunga lingine palepale kwa haraka. Kenya, utafutaji wa namna hiyo hufanywa kupitia eCitizen. Zanzibar ina wakala wake wa usajili, BPRA, na jina lililosajiliwa Dar es Salaam halijasajiliwa Unguja. Kwa kampuni za harusi hili si jambo dogo, kwani maharusi wengi wa bara, na wa kutoka ng'ambo, hupeleka sherehe zao kwenye fukwe za Zanzibar, na mpambaji hufuata kazi.

Jina lililoandikwa kwenye cheti ndilo litakalofuata kwenye akaunti ya benki na kwenye namba ya kulipia kwa simu. Mweka hazina wa kamati ya harusi anapolipa kwa Lipa Namba, simu humwonyesha jina la anayelipwa kabla hajaweka namba ya siri. Kadi inasema Fanusi Mapambo, simu inasema jina la mtu asiyemjua au kampuni yenye maneno mengine kabisa. Hapo husimama na kupiga simu kuuliza, na ana sababu, maana fedha zilizo mkononi mwake ni michango ya watu. Tofauti ya herufi moja kati ya kadi, Instagram na Lipa Namba inatosha kuleta maswali hayo kila wiki.

Usajili wa jina la biashara hauzuii mtu mwingine kulitumia kama chapa. Anayetaka ulinzi huo huomba alama ya huduma, ambayo kwa Tanzania Bara nayo hushughulikiwa na BRELA. Katika mpangilio wa kimataifa wa bidhaa na huduma, upangaji wa sherehe za ndoa uko kwenye kundi la 45. Jina la maelezo matupu, mfano Mapambo Bora ya Harusi, huwa na kazi ngumu hapo, kwa sababu sheria hutaka alama iweze kumtofautisha mwenye nayo na wengine, na maneno hayo kila mpambaji ana haja nayo. Fanusi lina nafasi nzuri zaidi, maana si jina la huduma yenyewe. Alama ikikubaliwa hulindwa kwa miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10, na ada hulipwa kwa kila kundi la huduma linaloombwa. Kwa sababu hiyo, wapambaji wengi wanaoanza husajili jina la biashara kwanza, hufungua akaunti ya Instagram siku hiyohiyo kabla mtu mwingine hajaiwahi, na huomba alama ya huduma pale kazi za msimu wa kwanza zinapolipa gharama yake.